Jua Lisizame Nyuma ya Nyumba Inayotazama Ziwa

Matangazo ya nyumba yanayosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp hapa Ilemela, Mwanza, yamepata machweo. Nyumba ya Kiseke, ya Buswelu, ya Bwiru, ya Igombe, zote zina anga la rangi ya chungwa, taa zinawaka sebuleni, na mbele ya baraza kuna ukoka uliokatwa sawasawa. Ukimuuliza dalali picha ilipigwa lini, atakwambia ilipigwa saa nne asubuhi, uwanja ukiwa mchanga mtupu na rundo la kokoto lililobaki kwa fundi. Kilichofuata ni programu ya akili unde. Aliipa picha hiyo kama kielelezo, akaandika maelekezo ya sentensi mbili: onyesha nyumba hii jua likizama, iwe na bustani, pembe ile ile.

Sina ugomvi na programu hizo. Ugomvi wangu ni na maneno hayo matatu ya mwisho, pembe ile ile, kwa sababu ndiyo yanayomfanya mnunuzi aamini. Mchoro wa msanifu kila mtu anajua ni mchoro. Picha yenye geti lile lile, bati lile lile na madirisha yale yale, iliyotazamwa kutoka pale pale aliposimama mpiga picha, huisomi kama mchoro. Unaisoma kama ushahidi. Na wanunuzi wengi wa nyumba za huku wako mbali: yuko Dar es Salaam, yuko mgodini Geita, yuko nje ya nchi, anatuma fedha kwa nyumba ambayo hajaikanyaga.

Tuanze na jua, maana ndilo kosa linaloonekana mapema zaidi na ambalo wachache hulitazama.

Mwanza iko nyuzi mbili na nusu hivi kusini mwa Ikweta. Kwa hiyo jua letu halitangatangi sana: mwezi wa Juni linazama nyuzi 23 hivi kaskazini mwa magharibi, Desemba nyuzi 23 hivi kusini mwa magharibi, na Machi na Septemba linazama magharibi kamili. Ukiwa Bwiru maana yake ni kwamba linazama ziwani, ng'ambo ya Sengerema. Halizami upande wa Buswelu hata siku moja, wala upande wa Magu. Mtu wa Mwanza anapoona jua kwenye picha, bila kujua anasoma mahali ziwa lilipo.

Sasa chukua nyumba ya Bwiru yenye baraza linalotazama maji. Ili upige picha ya uso wake lazima usimame kati ya nyumba na ziwa, mgongo ukiwa magharibi na kamera ikitazama mashariki. Programu ikiambiwa iweke machweo, mara nyingi inachora jua au mwako wake nyuma ya paa, kwa kuwa picha nyingi za machweo ilizojifunzia zina jua ndani ya fremu. Matokeo yake ni jua linalozama mashariki. Dada mmoja anayefanya kazi Dar alitumiwa picha ya aina hiyo, akampigia dalali: "Kaka, mbona jua liko nyuma ya nyumba? Ziwa si liko mbele?" Dalali akamjibu, "Ziwa liko mbele, dada yangu, hiyo ni rangi tu." Lakini siyo rangi tu. Kama picha ni ya kweli, baraza linatazama mlimani na ziwa liko nyuma, nyuma ya choo cha nje na tanki la maji. Kama maneno ya dalali ni ya kweli, picha ni ya uongo. Dada yule alikuwa na haki ya kutaka kimoja kati ya hivyo viwili.

Na kinachosikitisha ni kwamba machweo halisi ya nyumba kama hiyo ni mazuri kuliko yale ya kubuni. Jua likiwa nyuma ya mpiga picha linaupiga ukuta wa mbele moja kwa moja. Ukuta mweupe unageuka rangi ya asali, vioo vya madirisha ya alumini vinawaka kama vina moto ndani, na anga nyuma ya paa linabaki la buluu iliyopauka linaloelekea waridi. Jua lenyewe halionekani kabisa. Hivyo ndivyo nyumba inayotazama ziwa inavyoonekana jioni, na anayeijua Mwanza akiona picha hiyo anaelewa mara moja kwamba mbele yake kuna maji.

Nyumba ya pili iko kwenye mteremko wa Buswelu na uso wake unatazama mashariki. Hapa mpiga picha anatazama magharibi, kwa hiyo jua kuzama nyuma ya paa ni sahihi. Lakini angalia ukuta. Picha ya asili ilipigwa saa nne asubuhi, jua likiwa mgongoni kwa mpiga picha: ukuta wa mbele uling'aa, na kivuli cha upenu wa paa kilichora mstari mkali juu ya madirisha. Programu imebadilisha anga, ikaacha ukuta ulivyo. Picha sasa ina majua mawili, moja linazama nyuma ya nyumba na jingine linaupiga ukuta kutoka mbele. Jioni ya kweli ukuta huo ungekuwa kivulini, umepoa, ungeonekana kwa mwanga wa anga na wa taa za baraza tu. Ukitaka kujua kama picha imechorwa upya, usitazame anga, maana anga ndilo programu inalolifanya vizuri. Tazama vivuli chini ya bati, chini ya dirisha na mguuni pa nguzo, kisha jiulize vinaelekea wapi.

Dawa yake ni nyepesi. Anayepiga picha afungue dira ya simu pale aliposimama na aandike inasoma nini. Kama inasoma karibu na 270, anatazama magharibi na jua linaweza kuwemo. Kama inasoma karibu na 90, jua lisionekane. Kisha maelekezo yataje hilo waziwazi, yasiachie programu ikisie. Kwa nyumba ile ya Bwiru ningeandika hivi:

```
Kamera ibaki hapo hapo, pembe ile ile.
Usiguse kuta, paa, madirisha, geti, nguzo ya umeme wala mawe.
Kamera inatazama mashariki: jua lisionekane kwenye picha.
Mwanga wa machweo utoke nyuma ya kamera, uangukie ukuta wa mbele.
Panda ukoka na bogenvilia mbele ya baraza tu.
```

Mstari wa pili ndio mgumu kutiiwa, na sababu yake inafaa kueleweka. Programu hizi kwa kawaida hazikati anga la zamani na kubandika jipya. Zinaichora picha upya. Ndani ya Stable Diffusion, iliyotoka mwaka 2022, hilo unaliona waziwazi: picha yako inafunikwa na chengachenga, kisha programu inazisafisha hatua kwa hatua huku ikivutwa na maelekezo. Kuna kipimo kinachoandikwa `denoising strength`, kuanzia 0 hadi 1, kinachoamua chengachenga ziwe nyingi kiasi gani. Ukikiweka chini, karibu na 0.3, nyumba inabaki yako lakini machweo hayaji. Unapata mchana uliopakwa njano. Ukikipandisha hadi 0.7 machweo yanakuja na bustani inaota, lakini nyumba nayo imeanza kuwa nyingine. Dirisha la vipande vitatu linakuwa la viwili. Nguzo ya baraza inahama. Grili za maua ambazo fundi wa kuchomelea alizihangaikia wiki nzima zinakuwa fito za kawaida.

Mwaka 2023 ilikuja ControlNet, nyongeza inayochukua mistari ya picha ya asili, au umbali wa vitu kutoka kwenye kamera, na kuilazimisha programu iifuate. Inasaidia sana kushika kona za ukuta na mgongo wa paa. Lakini inashika mistari, haishiki mali: bati la rangi linaweza kugeuka vigae na ukuta wa tofali za kuchoma ukawa plasta, mistari ikiwa pale pale. Programu za sasa za kuandikia tu, kama Gemini na ChatGPT, zinafuata maelekezo vizuri zaidi, ila nazo zinachora upya na zinaweza kukosea palepale.

Njia iliyo salama kuliko zote ni kuipaka picha barakoa. Unachagua kwa kidole eneo la anga na kipande cha ardhi mbele ya baraza, unaiambia programu ichore humo tu, na nyumba yenyewe haiguswi hata nukta moja. Kisha unashusha mwanga wa nyumba na kuongeza joto la rangi kwa kihariri cha kawaida cha picha. Inachukua muda zaidi, labda nusu saa badala ya dakika moja. Ukimaliza, laza picha mpya juu ya ile ya zamani, ifanye ya juu iwe nusu wazi, utazame kona za paa na fremu za madirisha. Palipo na mistari miwili badala ya mmoja, pembe siyo ile ile tena.

Hata hivyo, kwa upande wa mwanga ninashindwa kuelewa kwa nini mtu ahangaike hivyo. Machweo Mwanza yanapatikana kila jioni bila malipo. Mwanzoni mwa Novemba jua linazama karibu saa 12:38 jioni, katikati ya Februari karibu saa 1:08 usiku, na siku nyingine zote ziko katikati ya hapo. Likishazama, una dakika 20 hivi kabla giza halijaingia, maana huku jua linashuka karibu wima. Dakika hizo zinatosha. Washa taa za vyumba vyote, fungua mapazia, shika simu usawa wa kifua na wima kabisa ili kuta zisilale, tumia lenzi ya kawaida na siyo ile ya 0.5 inayotanua uwanja ukaonekana wa ekari. Piga picha 10, chagua moja. Hakuna atakayekuuliza swali juu ya jua lako.

Bustani ni jambo jingine, kwa sababu haiwezi kusubiriwa hadi jioni. Hapo programu ina kazi halali: inamwonyesha mtu uwanja mtupu unaweza kuwa nini. Shida ni kwamba bila kuelekezwa inapanda bustani isiyo ya hapa. Inaleta minazi mirefu, nyasi za kijani kibichi hadi ukutani, njia ya mawe yaliyochongwa, na mara nyingine bwawa la kuogelea. Haiweki mwembe wala mpapai, haiweki ua wa minyaa au michongoma, na inapanda kana kwamba hakuna kiangazi.

Kiangazi chetu kinashika Juni hadi Septemba. Chukua uwanja wa mita 20 kwa 10, yaani mita za mraba 200, wote uwe ukoka kama kwenye picha. Katika miezi hiyo nyasi zinahitaji kama lita 4 za maji kwa kila mita ya mraba kwa siku ili zibaki na rangi ile. Hizo ni lita 800 kila siku. Tanki la lita 1,000 ambalo familia nyingi hulijaza wakisubiri maji ya bomba yarudi linakaribia kuisha kwa kumwagilia nyasi tu, kabla mtu hajaoga. Picha haisemi hivyo. Anayenunua nyumba kwa sababu ya uwanja ule wa kijani ananunua pia bili hiyo ya maji, au ananunua uwanja wa rangi ya udongo kuanzia Julai. Ukoka wa mita 6 kwa 5 mbele ya baraza, kokoto pembeni na bogenvilia ukutani vinahitaji sehemu ndogo sana ya maji hayo, na kwenye picha vinapendeza vilevile.

Ninachokikataa kabisa ni programu kugusa ardhi. Anga linapita na mmea unaweza kupandwa, lakini ardhi ndiyo bidhaa yenyewe. Na Ilemela ardhi ina mawe. Jiwe kubwa la matale lililokaa nusu ya uwanja ni jambo la kwanza ambalo programu hulifuta ikiambiwa itengeneze bustani, kwa kuwa inaliona kama uchafu. Mwenye kuijua kazi ya kupasua mawe anajua maana ya kulifuta: kulichoma kwa moto, kulipiga nyundo, kuanza tena, na kulipa kwa kila rundo linaloondolewa. Kuna mawe ambayo hayaondoki kabisa na nyumba inajengwa kuyazunguka. Mnunuzi anayeona uwanja tambarare kwenye picha anapiga hesabu ya banda, ya frem za duka, ya mahali pa kuegesha gari mbili. Akifika, nusu ya hesabu yake imekaliwa na jiwe. Vivyo hivyo mteremko unapolainishwa, mfereji wa maji ya mvua unapozibwa na maua, nguzo ya umeme inapotoweka, au nyumba ya jirani iliyobanana na ukuta inapogeuzwa kuwa miti. Hivyo vyote ni sehemu ya bei.

Ufukweni jambo linakuwa zito zaidi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka kwenye ukingo wa ziwa kuwa eneo lisiloruhusiwa shughuli za kudumu za kibinadamu. Programu haijui mita hizo. Ikipewa picha ya nyumba ya Igombe na kuambiwa iongeze bustani, itashusha ukoka na pevingi hadi majini, ikiweka na viti juu ya mchanga. Mnunuzi ataamini kwamba kipande hicho ni chake, na atalipa kama ni chake. Mwaka 2020, na tena 2024, maji ya ziwa yalipanda kufikia viwango ambavyo havijawahi kurekodiwa kabla yake, na waliokuwa wamejenga karibu mno waliona maji yakiingia uani. Kuchora bustani mahali pale ni kumuuzia mtu ardhi ambayo sheria na ziwa vyote vinaidai.

Wako watakaosema mnunuzi ana macho, aje aone mwenyewe. Kisheria hoja hiyo ina uzito zaidi ya inavyostahili. Sheria yetu ya mikataba inamruhusu aliyepotoshwa kuukataa mkataba, lakini inamwangalia kwa jicho jingine yule ambaye angeweza kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida. Kwa hiyo aliyetuma fedha kwa kutegemea picha anaweza kujikuta akiulizwa kwa nini hakutuma hata ndugu yake aende na pikipiki kuangalia. Ndiyo maana nawaambia walio mbali: muombeni muuzaji picha ya asili, na aitume kama faili, kwa kuchagua `Document` ndani ya WhatsApp. Ikitumwa kama picha ya kawaida, WhatsApp inaibana na kufuta taarifa za saa na mahali ilipopigwa. Ikitumwa kama faili, taarifa hizo zinabaki kama zilikuwepo. Bora zaidi, muombe video fupi ya mtu anayezunguka nyumba yote bila kukata, akianzia getini.

Lakini mzigo usiachwe kwa mnunuzi peke yake. Jimbo la California huko Marekani limepitisha sheria iliyoanza kutumika Januari 1, 2026, inayomtaka wakala wa nyumba anayetumia picha iliyobadilishwa kwa kompyuta aseme hivyo waziwazi na aweke njia ya kuiona picha ya asili. Kurekebisha mwanga, kunyoosha picha iliyopinda na kukata pembeni hakuhesabiwi. Kuongeza au kuondoa vitu, zikiwemo bustani na nguzo za umeme, kunahesabiwa. Mstari huo umechorwa mahali panapofaa, na madalali wa Ilemela hawahitaji kusubiri Bunge ili waufuate. Wengi wao ni watu waaminifu wanaoishi kwa kuaminiwa mtaani, na mteja mmoja aliyerudi Dar na hasira huwagharimu wateja watano.

Ninachopendekeza kwao ni tangazo la picha mbili. Ya kwanza iwe ya asili, hata kama ni ya saa nne asubuhi na kokoto zake. Ya pili iwe ile iliyochorwa, na juu yake yaandikwe maneno ndani ya picha yenyewe, siyo kwenye ujumbe unaoweza kubaki nyuma picha ikisambazwa: BUSTANI NI PENDEKEZO, HAIJAPANDWA. Kama muuzaji anaahidi kuipanda kabla ya makabidhiano, basi iandikwe kwenye mkataba wa mauziano: ukoka mita ngapi za mraba, miche mingapi ya bogenvilia, nani atamwagilia hadi siku ya kukabidhi funguo. Ikiandikwa hivyo, mnunuzi ana kitu cha kudai. Ikibaki kwenye simu tu, hana.